Kwa Nini Filamu Inafanana na Tamthilia Kwenye Runinga Yako Mpya

Kaka yangu alinunua runinga ya inchi 55 mwezi Desemba, akaitundika ukutani sebuleni kwake Tabata, na kesho yake akanipigia simu. "Njoo uiangalie hii," aliniambia. "Picha ipo, tena kali, lakini kuna kitu sikielewi." Nilipofika alikuwa ameweka The Godfather, filamu ya Francis Ford Coppola ya mwaka 1972, ambayo sisi wawili tuliiona kwa mara ya kwanza tukiwa wadogo kwenye mkanda wa video wa jirani na ambayo tangu hapo tumeirudia tusivyoweza kuhesabu.

Nilikielewa kabla sijakaa vizuri. Filamu ile huanza kwenye ofisi ya Don Corleone, chumba chenye giza zito, ambako mzika maiti aitwaye Bonasera anaomba kulipiziwa kisasi kwa niaba ya binti yake. Mpigapicha mkuu, Gordon Willis, aliwasha taa zake juu ya vichwa vya waigizaji makusudi, ili macho ya Marlon Brando yafichwe na kivuli cha nyusi zake na mtazamaji asijue mzee yule anawaza nini. Rangi ya chumba kizima ni ya kahawia na dhahabu iliyofifia, kama picha ya zamani kwenye albamu. Sebuleni kwa kaka, giza lile lilikuwa limegeuka kijivu cha bluu. Paji la uso la Bonasera lilimeta kama la mtu aliyesimama chini ya tyubulaiti. Na kila mtu alikwenda kwa ulaini usio wa kawaida, utadhani kamera ya video ya harusi imeingia ofisini kwa Don na kuwarekodi moja kwa moja.

"Inafanana na tamthilia," shemeji alisema kutoka jikoni. Alikuwa amepatia kabisa.

Runinga ile haikuwa na ubovu wowote. Ilikuwa imepangwa kwa ajili ya dukani. Huko husimama pamoja na wenzake ishirini chini ya taa nyeupe kali, na mnunuzi hutumia sekunde chache kwa kila moja. Inayomvuta ni ile yenye mwanga mkali kuliko zote, rangi iliyokolea kuliko zote, na weupe unaoelekea bluu, kwa sababu jicho huona weupe wa bluu kuwa ni msafi zaidi. Kwa hiyo runinga nyingi hutoka kiwandani zikiwa na mpangilio unaotafuta mnunuzi, na mnunuzi akishaifikisha nyumbani hakuna anayemwambia kwamba mpangilio huo unabadilishwa kwa rimoti.

Nianze na ule ulaini, maana ndio unaoharibu filamu kuliko jambo lingine lolote, na ndio ambao watu wengi huuona wakashindwa kuupa jina.

Tangu sauti ilipoingia kwenye sinema mwishoni mwa miaka ya 1920, filamu karibu zote hupigwa picha 24 kwa kila sekunde. Kwa kawaida kila picha hupigwa kwa muda wa sehemu moja ya 48 ya sekunde, hivyo mtu akipunga mkono, mkono huo huacha ukungu kidogo kwenye kila picha. Picha 24 zenye ukungu huo, zikifuatana, hutoa mwendo ambao si ule wa machoni petu kabisa. Una uzito fulani, una umbali fulani, na miaka karibu mia imetufundisha kwamba mwendo huo ni mwendo wa hadithi. Taarifa ya habari, mpira na tamthilia za studio zilipita njia nyingine. Kamera za video za mfumo wetu wa utangazaji zilikuwa zikigawa sekunde moja katika hatua 50, na mwendo wake ni laini, wa papo kwa papo. Macho ya mtu aliyekua na runinga hutofautisha mambo hayo mawili hata kama mwenyewe hajawahi kuambiwa.

Sasa ndani ya runinga ya kisasa kuna kazi ambayo nitaiita kulainisha mwendo. Runinga hupokea picha ya kwanza na ya pili ya filamu, hulinganisha wapi kila kitu kilikuwa na wapi kimefika, kisha hubuni picha za katikati ambazo kamera haikuzipiga kamwe. Kwenye runinga yenye uwezo wa kuonyesha picha 120 kwa sekunde, kama mpangilio huo umewekwa hadi mwisho, kati ya picha hizo 120 ni 24 tu zilizotoka kwa mwongozaji. Nyingine 96 zimebuniwa na mashine. Watengenezaji walikuwa na sababu. Skrini za LCD hushikilia kila picha mpaka inayofuata ije, na jicho linapofuata mpira unaokwenda kasi huuona umefifia, hivyo picha za katikati husaidia michezo ionekane kali zaidi. Tatizo ni kwamba dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya mpira huachwa ikifanya kazi usiku na mchana, juu ya kila kitu.

Mfano unaonisumbua zaidi ni Saving Private Ryan ya Steven Spielberg, ya mwaka 1998. Katika mapigano ya ufuko wa Omaha, mpigapicha mkuu Janusz Kamiński alifupisha muda wa kila picha kuliko kawaida ya sinema, makusudi, ili ukungu wa mwendo upungue na kila chembe ya mchanga inayorushwa na bomu ionekane peke yake. Matokeo yake ni mwendo wa kukatikakatika, wa kugutusha, kama mtu anayetazama huku moyo unamwenda mbio. Weka tukio hilo kwenye runinga inayolainisha mwendo na mikatiko hiyo hujazwa. Kazi aliyoitafuta mtu kwa ustadi mkubwa huchukuliwa kuwa ni dosari, ikasawazishwa.

Waongozaji walilalamika kwa miaka mingi. Desemba 2018 Tom Cruise, akiwa kwenye matengenezo ya Top Gun: Maverick pamoja na Christopher McQuarrie, alirekodi video fupi akiwaomba watazamaji wazime mpangilio huu majumbani. Mwaka 2019 muungano wa makampuni unaoitwa UHD Alliance ulitangaza mpangilio mpya wa picha, Filmmaker Mode, ulioungwa mkono na waongozaji kama Martin Scorsese, Christopher Nolan, Patty Jenkins na Ryan Coogler wa Black Panther. Mpangilio huo huzima kulainisha mwendo, huzima kunoa picha na kusafisha chembechembe, na huweka weupe ule ule unaotumika studio. Kama runinga yako ina maneno hayo kwenye menyu, sehemu kubwa ya kazi umeshafanyiwa.

Turudi Tabata. Nilimwomba kaka asimamishe filamu pale paka anapokuwa mapajani mwa Don, kwa sababu pale pana kila kitu ninachokihitaji: giza, ngozi ya mtu, manyoya na vidole vinavyotembea. Tukiirudisha nyuma kidogo na kuiachia, vidole vya Brando vikikuna shingo ya paka vilizungukwa na utando mwembamba uliotetema, kama hewa juu ya lami wakati wa jua kali. Hiyo ndiyo alama ya picha za kubuniwa. Mashine haijui vidole ni nini wala manyoya ni nini. Inakisia, na pale kitu kimoja kinapopita mbele ya kingine hukosea. Kwako unaweza kuitafuta kwenye spoku za baiskeli, kwenye mtu anayepita nyuma ya uzio, au kwenye nyavu za goli.

Tukafungua menyu ya picha. Jambo la kwanza lilikuwa Picture Mode, na pale paliandikwa Vivid. Runinga nyingine huandika Dynamic. Tukahamia Filmmaker Mode. Kwa runinga isiyokuwa nayo ungechagua Movie au Cinema. Mara moja ofisi ya Don ikarudi kwenye giza lake.

Hapo hapo mtoto wa kaka, aliyekuwa amelala kwenye zulia, akainua kichwa. "Baba mdogo, mbona umeifanya ya njano?"

Swali lake ni la kila mtu, na ndilo linalowafanya wengi warudishe Vivid baada ya dakika mbili. Studio zinapomaliza rangi ya filamu hutumia weupe wa kipimo kimoja, kinachoitwa D65, cha takriban kelvini 6500, ambao unakaribia weupe wa mwanga wa mchana. Runinga ya dukani huwekwa weupe wa bluu zaidi ya hapo. Jicho likishazoea bluu, weupe wa kweli huonekana wa njano, kama vile shati jeupe linavyoonekana mtu anapovua miwani ya rangi. Nilimwambia mtoto asubiri. Baada ya nusu saa hakuuliza tena, na tulipoirudisha Vivid kwa muda mfupi alisema mwenyewe kwamba Don amekuwa mgonjwa.

Ningependa msomaji aliangalie jambo hili kwenye nyuso zetu pia. Ngozi nyeusi ina wekundu na udhahabu ndani yake, na mpigapicha mzuri hufanya kazi kubwa kuutoa. Weupe wa bluu huukausha. Mtazame Lupita Nyong'o katika Black Panther kwenye mpangilio wa dukani na uso wake hupata majivu. Uweke weupe wa studio na damu hurudi chini ya ngozi. Kwenye menyu kitu hiki huitwa Color Temperature au Color Tone, na mara nyingi chaguo sahihi ni lile lenye joto zaidi, kama Warm 2 au Warm 50. Ukichagua Filmmaker Mode au Movie kwa kawaida hujipanga lenyewe.

Kisha tukauendea ule ulaini wenyewe, maana kubadilisha Picture Mode peke yake hakuuzimi kila mara. Ugumu wake ni kwamba kila mtengenezaji ameupa jina lake. Kwenye Samsung utaukuta ndani ya Expert Settings, ukiitwa Picture Clarity Settings, na kwenye za zamani Auto Motion Plus. Kwenye LG ni TruMotion. Kwenye Sony ni Motionflow. Hisense huandika Ultra Smooth Motion au Motion Enhancement, na TCL huandika Motion Clarity. Usipokumbuka jina, tafuta popote penye neno Motion, uchague Off. Runinga nyingi ndogo za bei nafuu hazina kazi hii kabisa, hivyo usipoiona usihangaike.

Tulipoizima, utando kwenye vidole vya Don ulitoweka, na manyoya ya paka yakarudi kuwa manyoya. Shemeji alitoka jikoni na sahani ya maandazi, akasimama nyuma ya kochi. "Sasa hii ni sinema," alisema, akakaa.

Lakini lazima niseme kile ambacho kuzima huku hukileta. Kamera inapogeuka taratibu kuangalia mandhari pana, kwa mfano safu ya milima au ukumbi wenye nguzo, utaona kukatikakatika kidogo. Sehemu yake ni tabia ya picha 24 yenyewe, na ungeiona hata kwenye jumba la sinema. Sehemu nyingine hutokana na hesabu: 24 haigawanyi 60 sawasawa, kwa hiyo runinga inayofanya kazi kwa 60 hurudia picha moja mara mbili na inayofuata mara tatu, na jicho huhisi hatua zisizolingana. Yenye 120 hurudia kila picha mara tano na hesabu inakaa sawa. Kwenye skrini za OLED mikatiko huonekana zaidi, kwa sababu hubadilisha picha haraka mno kiasi kwamba hakuna ukungu wa kuificha. Kama inakukera kweli, baadhi ya runinga hukuruhusu kuweka kiwango kidogo, kwa mfano De-Judder 1 au 2 kati ya 10. Sioni dhambi hapo. Mimi huiacha kwenye sifuri, na baada ya filamu mbili tatu macho huizoea.

Wapo waongozaji waliotaka ulaini wenyewe. Peter Jackson alipiga The Hobbit ya 2012 kwa picha 48, na Ang Lee alifika 120 kwenye Billy Lynn's Long Halftime Walk ya 2016. Hao walipiga picha hizo zote kwa kamera, kila moja ikiwa ya kweli. Kile runinga inachokifanya usiku sebuleni ni kitu kingine.

Baada ya mwendo tulipunguza Sharpness. Jina linadanganya: kuiongeza hakuleti undani ambao haukuwepo, huchora mstari mweupe kuzunguka kila kitu. Tazama nywele dhidi ya ukuta au maandishi ya mwishoni mwa filamu, na kama yana kivuli cheupe pembeni, punguza mpaka kiondoke. Kwenye runinga nyingi hapo ni sifuri au karibu yake. Sony ni tofauti, 50 kwao ndiyo katikati isiyoongeza wala kupunguza. Tukazima pia vitu vinavyoongeza utofauti wa giza na mwanga vyenyewe, kama Dynamic Contrast, na ile hali ya kuokoa umeme inayopunguza mwanga ghafla katikati ya tukio.

Kuhusu mwanga, usiogope. Rangi ya filamu humaliziwa kwenye chumba chenye mwanga hafifu, ndiyo maana Filmmaker Mode huonekana yenye giza mchana wakati mapazia yapo wazi. Kuongeza mwanga wa taa ya skrini hakuvunji nia ya mwongozaji; unafidia jua la dirishani. Kinachopaswa kubaki pale pale ni weusi. Filamu nyingi zina mikanda miwili myeusi juu na chini, na mikanda hiyo ni kipimo cha bure. Jioni, taa zikizimwa, itazame: kama ni ya kijivu kuliko fremu ya runinga ilivyo gizani, huenda kiwango cha weusi kimepandishwa mno. Kishushe mpaka mkanda uache kuwa mweusi zaidi, kisha simama hapo, maana ukizidi kushusha, makoti meusi ya wanaume ofisini kwa Don yatamezwa na ukuta. Jina la kiwango hicho pia hubadilika, kwa wengine ni Brightness, kwa wengine Black Level, kwa hiyo amini macho yako kuliko neno.

Tukadhani tumemaliza. Tukanywa chai, tukarudi, na Don alikuwa amekuwa bluu tena.

Hii ndiyo hitilafu iliyomfanya kaka aamini kwamba runinga yake mbovu, kwani alikuwa ameshajaribu kubadilisha mwenyewe mara tatu. Fundi aliyeifunga alikuwa amechagua hali ya dukani wakati wa kuiwasha mara ya kwanza. Katika hali hiyo runinga hurudisha mpangilio wake kila baada ya muda mfupi, ili mteja aliyechezea rimoti asiiharibie duka. Ukiona mabadiliko yako hayakai, au maandishi ya matangazo yanapita chini ya skrini, tafuta kwenye mipangilio ya jumla penye Store Mode, Retail Mode au Usage Mode, uweke Home Mode. Tulifanya hivyo, tukarudia kila kitu. Ilichukua dakika tano, na mpangilio ukakaa.

Mtego mwingine tuliugundua jioni ile ile. Tulikuwa tumepanga tundu la HDMI lenye kifaa cha kuchezea diski. Kaka alipofungua programu ya filamu iliyomo ndani ya runinga yenyewe, ulaini ulikuwepo palepale, kwa sababu runinga nyingi huhifadhi mpangilio wa kila chanzo peke yake: king'amuzi, diski, flashi, programu za ndani. Zaidi ya hapo, filamu iliyotengenezwa kwa mfumo wa HDR au Dolby Vision hufungua mpangilio wake tofauti, ambao huwezi kuufikia mpaka filamu ya namna hiyo iwe inacheza. Kwa hiyo anzisha filamu kwanza, isimamishe, ndipo ufungue menyu. Baadhi ya runinga zina chaguo la kutumia mpangilio mmoja kwa vyanzo vyote, na litakupunguzia kazi.

Mpira tuliuachia king'amuzi. Kaka aliutaka mwanga zaidi na rangi ya nyasi iliyokolea kidogo, nikampangia pale Sports kama alivyopenda, maana picha za michezo tayari huja zikiwa laini kutoka uwanjani na hakuna hadithi inayopotea.

Na wewe unayesoma hili, ukipata dakika kumi jioni ya leo, chagua filamu moja unayoijua vizuri, sehemu yenye uso wa mtu na giza nyuma yake, uisimamishe hapo na ufungue menyu. Ukimaliza, andika kwenye karatasi namba ulizoweka. Runinga zinazopokea programu mpya kwa mtandao mara nyingine hurudisha mpangilio wa kiwandani bila kutoa taarifa, na siku watu kwenye skrini watakapoanza tena kutembea kama wa kwenye tamthilia, utajua pa kurudi.